Hedifoni za Mama Tangazo

Kwa miaka mingi sauti ya Mama Tangazo ndiyo iliyowapandisha watu mabasi. Ndani ya kibanda chake cha vioo pale stendi, alitaja basi na saa yake mara moja tu, na hata aliyesinzia juu ya mizigo aliinuka. Kisha stendi ikaletewa mashine yenye matangazo yaliyorekodiwa, naye akaagwa kwa mkono mkavu. Alilia wiki nzima, akachoka kulia, akatafuta kazi ya kusoma vitabu vya kusikilizwa na wanafunzi wasioona. Sampuli aliyorekodi, sura ya kwanza ya kitabu, ilipendwa. Asubuhi hii, saa nne, msimamizi wa kurekodi angempigia kwenye laptopu amsikie akisoma moja kwa moja. Akimridhisha, kazi ni yake. Asipomridhisha, nyuma yake kuna foleni.

Sharti lilikuwa moja: avae hedifoni, ili sauti ya msimamizi isiingie tena kwenye maikrofoni.

Mumewe, Kinyozi, alikuwa akifanya kazi chumba cha mbele, ukuta mmoja tu katikati. Ni bahili wa sifa yule, hajapata kutokea. Siku alipotumiwa ile sampuli kwenye simu, alijibu, "Sawa," akaomba chai. Neno hilo lilimkwama mkewe kooni kama mwiba wa samaki.

Ilipobaki nusu saa, Mama Tangazo aliwasha hedifoni. Laptopu ikaandika kwamba zimeunganishwa. Akacheza wimbo wa kujaribu, ukatokea kwenye spika za laptopu yenyewe. Hakubabaika. Alibofya alama ya sauti, akachagua hedifoni badala ya spika, na wimbo ukahamia masikioni, safi kabisa. Akatabasamu. Hata hajamaliza tabasamu, kimya.

Alitazama skrini: zimeunganishwa. Wimbo unasonga. Masikioni, hakuna kitu. Punde ukarudi, ukakatika tena.

"Mnanichezea nyinyi," aliziambia.

Akazizima, akaziwasha. Akaziondoa kabisa kwenye laptopu, akaziunganisha upya. Chaji ilikuwa imejaa. Wimbo ulikuja, ukakatika. Jasho likaanza kumtoka. Mashine ilishamnyang'anya kibanda. Leo tena mashine nyingine, ndogo hivi, imnyang'anye kitabu? Hapana. Alizikandamiza masikioni, akafumba macho, akasikiliza kile kimya chenyewe, kwa sababu kimya alikijua vizuri.

Ndipo kikasema. "Sura ya kwanza," ilisema sauti ya mwanamke, kwa nguvu za kutoboa masikio.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Alishtuka, kisha akaelewa, akacheka peke yake. Sampuli ile aliianza kwa kimya kirefu, kama alivyoelekezwa. Na hedifoni zake ni za kushika vifaa viwili kwa pamoja: mwezi uliopita Kinyozi aliziazima kusikilizia mpira kwa simu, na simu haikuzisahau. Kila ilipoanza kucheza kitu, zilimwacha yeye na laptopu yake, zikaifuata simu.

Aliingia chumba cha mbele. Mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, wengine wawili kwenye benchi. Kinyozi alikuwa akiitikisa simu.

"Subirini jamani, mtamsikia tu. Nimebonyeza, nimezima, nimeanza tena, nimepandisha sauti mpaka mwisho. Imekuwa kiziwi hii."

"Watamsikia nani, baba watoto?" aliuliza mkewe.

Mteja mwenye nusu kichwa ndiye aliyejibu. "Wewe, shemeji. Kila siku lazima atusikilizishe. Mimi karibu niijue sura nzima kwa kichwa."

Mama Tangazo alisimama pale, macho yakamlowa, na hakuyaficha. Akaichukua simu, akazima bluetooth. "Si kiziwi. Ilikuwa inaongea masikioni mwangu." Akamrudishia. "Sasa cheza."

Saa nne laptopu iliita. Hedifoni zilitulia, sauti ya msimamizi ikaja bila mkwaruzo. Alikuwa mama mwenye haraka. Baada ya salamu alitega sikio.

"Samahani, kuna mtu mwingine anasoma hapo?"

Ukutani, sura ya kwanza ilikuwa ikivuma.

"Ni mimi," alisema Mama Tangazo. "Mume wangu ananitangaza."

Msimamizi alicheka, akaomba mtangazaji apumzike. Mama Tangazo aligonga ukuta, kukawa shwari, akafungua kitabu na kusoma kama alivyozoea kutaja mabasi: kila neno mara moja, mahali pake. Alipomaliza ukurasa wa tatu, msimamizi hakuuliza swali tena. "Jumatatu tunaanza, mama."

Alipofungua mlango, Kinyozi alikuwa pale nje, mashine ya kunyolea mkononi, wateja wote wamesimama mgongoni kwake.

"Nimepata," alisema mkewe.

"Saw..." alijibu Kinyozi, na safari hii neno lilimshinda kulimaliza.