Ushuhuda wa Mwalimu Mutanu

Kinya, ambaye soko zima la Karatina humwita Mama Kirimi, ana mdomo. Akianza kuusifu unga wake wa soya, hata mwanamume aliyefuata viazi atajikuta amenunua. Lakini mwanamke akimuuliza habari za joto la kukoma hedhi, lile linalomvua mtu sweta katikati ya baridi ya mlima, mdomo huo hupunguza mwendo.

"Soya iko na kitu inafanana kidogo na homoni ya mwanamke," husema. "Wengine inawapunguzia joto kidogo, wengine haiwasaidii. Na joto pia huisha yenyewe, kwa hivyo msinipe sifa yote."

Vidonge vya mizizi kutoka ng'ambo, vinavyouzwa kwa ajili ya joto hilo, aliviondoa mezani baada ya nesi Wangechi kumweleza kwamba utafiti haujathibitisha kuwa vinashinda vidonge vitupu visivyo na dawa, na kwamba wachache waliovitumia wameugua ini. Wenzake walimcheka sana. Wacheke tu, wauzaji wa namna hiyo ni adimu.

Jumanne moja, soko limefurika, akaja Mwalimu Mutanu, mteja wake wa zamani, akasimama mbele ya meza kama aliyeitwa madhabahuni.

"Bwana asifiwe! Wamama, sikieni ushuhuda yangu. Damu iliniwacha wakati wa korona. Sasa imerudi! Hii unga imenirudisha msichana!"

Vigelegele! Mikono ikajaa juu ya unga. Kinya hakuwa amewahi kupata biashara kama hiyo, na moyo wake ulifurahi, kusema kweli. Kisha akalisikia vizuri lile neno, "imerudi", akaacha kupokea pesa.

"Mwalimu, haijarudi," alisema, wote wakisikia. "Soya hairudishi hedhi. Damu ikishakatika mwaka mzima, halafu itoke tena hata tone, hiyo ni ya daktari. Inaweza kuwa kitu kidogo. Inaweza kuwa saratani."

Wanawake wakarudisha pakiti mezani, mmoja mmoja.

"Ati unaniombea saratani? Mbele ya watu?" Mutanu alilia kwa aibu.

Kinya alifunika meza kwa turubai, akamshika mkono hadi hospitalini, huku akitukanwa njia nzima.

Madaktari walichukua kipande cha ukuta wa mfuko wa uzazi, wakakipima. Ilikuwa saratani, bado changa, haijatoka nje ya mfuko. Mutanu akafanyiwa upasuaji. Kinya alimuuliza daktari kama ni unga wake uliosababisha. Akajibiwa kwamba hakuna ushahidi wa kusema hivyo, ila mgonjwa auache kwanza. Jibu hilo halikumpa usingizi.

Alipokwenda wodini, Mutanu alimwonyesha akae kitandani.

"Mama Kirimi, siku ile ungenyamaza, ungemaliza unga yote."

"Ningemaliza," Kinya akasema. "Na wewe ungerudi Alhamisi kununua ingine, badala ya kuja hapa."