Arbuni za Mwanamkasi

Mwanamkasi alikuwa mpishi wa shughuli pale Dunda, Bagamoyo, na mimi nilipanga chumba mkabala na chake. Hakuwa na mwajiri. Pilau yake iliwatoa watu Kaole kwa miguu, lakini akishaamua jambo, humwambii kitu. Na mwaka ule wa 1974 alikuwa ameamua kuinunua nyumba tuliyopanga, kabla mwenye nyumba, mzee Bwanausi, hajamuuzia mtu wa kututoa.

Aliomba mkopo, na benki ya Dar ikamjibu kwamba mapato yake hayaeleweki: mwezi huu hana kitu, mwezi ujao kitita. Walitaka barua ya maelezo. Akamwita Mikidadi, karani mstaafu, mwenye taipureta na maneno mengi kuliko taipureta yake.

Barua ilikuwa nzuri, simnyimi haki yake. "Ramadhani sipiki shughuli," ilisema, "na Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata, napika arusi hata nne. Naomba mapato yangu yajumlishwe kwa mwaka, yagawanywe kwa miezi kumi na miwili. Miezi mikavu naishi kwa akiba." Wakaambatisha kitabu cha benki na barua za watu aliowapikia.

Nikauliza, na zile arbuni je? Maana wenye arusi hulipa mapema ili mpishi anunue mchele, nyama na samli, na zote zilipitia kitabu kile. Fedha ile si yake. Chake ni ujira tu, sinia likishaliwa. Mikidadi akasema tukizitoa, wastani utashuka chini ya rejesho la mwezi, na benki itakataa.

"Zimeingia mkononi mwangu," Mwanamkasi akasema. "Au mkono huu wa nani?"

Niliogopa, nikamwambia kukopa arusi, kulipa matanga. Akacheka, akasema yeye kazi yake ni kupika vyote viwili. Barua ikaenda hivyohivyo. Kwa kuwa benki haikopeshi bei nzima, akatoa fedha zote za kitabuni, arbuni zikiwemo, akampa Bwanausi malipo ya awali.

Mvua zilikuwa zimekata. Duka la ushirika likaanza kuuza mchele kwa kipimo, kisha likaacha kabisa. Ramadhani tulifuturu uji wa mahindi ya njano.

Kumi la mwisho la mfungo, jibu la benki likaja. Ombi limekubaliwa, aende kutia saini, nyumba iwekwe rehani, na marejesho yaanze mwezi ujao. Alikuwa angali ameishika barua ile Mwanahija alipopiga hodi. Huyu alikuwa mama wa bibi arusi wa kwanza wa Mfunguo Mosi. Waliulizana hali, akaketi mkekani, akaeleza taratibu kwamba mchele haupatikani hata kwa kujuana, na arusi yao itafungwa kwa halua na kahawa.

"Nimefuata arbuni yetu, dada," akasema. "Na wenzangu nao wamefuata zao."

Mwanamkasi aliikunja ile barua, akaikunja tena, hata ikaenea kiganjani. Nje, barazani, nikawasikia wengine wakivua viatu.