Namba Iliyo Chini ya Kioo

Adija hakukanyaga shule hata siku moja, lakini faktire moja, yaani risiti ya dukani, ilimfundisha kuliko mwalimu yeyote. Miaka sita iliyopita alitoa pesa zake za ndagala, dagaa alioanika juani kwa mikono yake, akanunua paneli ya umeme wa jua, ile wanayoiita plake. Mumewe Karimu, fundi wa kuchomelea vyuma, alimsindikiza dukani. Muuzaji alipouliza faktire iandikwe jina la nani, Karimu alitaja lake. Adija akaibeba karatasi ile kwa furaha, hajui imebeba nini. Karimu alipopata mke mdogo kule Kanyosha, aliondoka na plake, batri na faktire. Shefu wa wakati ule, mkuu wa mtaa, aliisoma akasema, "Mama, hapa kuna jina la mzee." Kesi ikaisha kabla Adija hajakaa vizuri kwenye benchi.

Aliyeumwa na nyoka, wanasema, akiona ung'ongo hushtuka. Adija hakushtuka. Alirudi kwenye ndagala zake kwa miaka mitatu, akala ugali na mboga za lengalenga, akacheza upatu na wanawake wenzake wa Ruziba, mpaka akafikisha milioni moja na laki tatu za faranga. Batri peke yake ilikula zaidi ya nusu. Zilizobaki zilitosha plake ya wati mia, nyaya, na regilateri, kile kidude kinachozuia batri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe mpaka ikafa. Muuzaji alitaka kumwongezea mashine ya kugeuza umeme uwe kama wa nyumbani.

"Ya nini?" Adija akamuuliza. "Simu inakula kidogo, na regilateri ina matundu ya waya za simu. Hiyo mashine itakula umeme wangu bure, na mi sina firigo."

Kisha akamwambia muuzaji aandike jina lake, Adija, na chini yake aandike namba ya plake yenyewe.

"Namba zote hizi, mama? Si hata kusoma hujui."

"Nisomee we. Polepole."

Namba zilikuwa kumi. Muuzaji alimwonyesha kuwa zimeandikwa mahali pawili: kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma, na kwenye utepe mwembamba mbele, chini ya kioo. Adija alizisikiliza mara tano, akazishika kama alivyoshika Alhamdu utotoni, kwa sikio. Njia nzima ya kurudi Ruziba midomo yake ilikuwa inacheza, na abiria mwenzake akadhani mama huyu ana adhkari zake.

Kazi ikashika. Kule umeme wa waya ulikuja kama mgeni mwenye haraka, haukumaliza hata chai. Simu ndogo ya vibonyezo ilichajiwa kwa faranga mia tano, simu kubwa kwa elfu moja, kwa sababu kubwa moja ilinywa kama ndogo tatu. Siku ya jua kali alijaza kubwa kumi na ndogo kumi. Siku ya mawingu alikataa nusu ya wateja, wakanuna, lakini batri yake ilipona. Simu zilikaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Kwa kuwa hakuandika, alichana kipande cha kitenge katikati, nusu akaifunga kwenye simu, nusu akampa mwenyewe. Ukirudi, michano ikikutana unachukua simu yako. Hakuna mchano unaofanana na mwingine.

Kila jioni aliteremsha plake na kulala nayo chumbani. Mchana hakuiacha peke yake, ila siku moja tu. Alikwenda kwenye mazishi ya shangazi yake Karimu, mzee aliyempenda hata baada ya talaka, akaiacha juu ya bati ili simu za watu zisikae bure. Aliporudi alasiri, bati lilikuwa tupu. Nyaya zimekatwa kwa koleo, vizuri, kama kazi ya fundi. Sanduku halikuguswa.

Adija alikaa kizingitini akafikiri. Mwizi wa njiani angebeba simu. Huyu alitaka plake, na alijua siku na saa ambayo Adija hatakuwepo. Halafu akakumbuka jambo: kwenye mazishi ya shangazi yake mwenyewe, Karimu hakuonekana.

Hakupiga kelele. Aliwarudishia wateja simu zao, na ambazo hazikujaa hakuzitoza. Siku ya tatu mteja wake mmoja, mvuvi aitwaye Népomuscène, alikuja kumwambia kuwa ameona plake kubwa imeegemezwa ndani ya atelye ya Karimu, karakana yake ya kuchomelea, inangoja mnunuzi. Adija alivaa mtandio wake mzuri, akaenda moja kwa moja kwa shefu mpya wa kartie, mtaa wao, mwanamke aitwaye Daphrose, na wote watatu, pamoja na Népomuscène, wakaelekea Kanyosha.

Karimu aliwapokea kwa kicheko, akamwita Adija kwa jina la mwana wao. "Mama Khaled, karibu. Umekuja kuniangalia?"

"Nimekuja kuangalia plake yangu."

"Hii? Hii ni ile yetu ya zamani. Na faktire ninayo." Akaitoa mfukoni, imekunjwa vizuri. Alikuwa tayari kama mtu aliyewasubiri.

Daphrose aliisoma. "Plake moja, batri moja. Jina Karimu. Haina namba." Akaigeuza plake. Nyuma palikuwa na alama ya gundi tu.

"Joto hung'oa karatasi," Karimu akasema. "Mama Shefu, huyu mwanamke hana kisomo. Kila plake anaona ni yake."

Adija aliomba maji. Alimimina kidogo juu ya kioo, akapangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, chini, pembeni, mpaka utepe mweupe ukatokea.

"Mama Shefu, hapo kuna namba. Isome kimoyomoyo, uifuate kwa kidole. Mi nasema, we sikiliza."

Daphrose akainama. Adija akatazama juu, mbali na kioo, akaanza kwa sauti ile ile ya njia ya Ruziba:

"Nne. Sifuri. Saba. Saba. Mbili. Tisa. Moja. Nne. Sita. Tatu."

Kidole cha Daphrose kilitembea na sauti yake na kikafika mwisho pamoja nayo. Ndipo Adija akatoa faktire yake kifuani, yenye jina lake na namba zile zile.

"Karatasi ya nyuma umeikwangua," akamwambia Karimu. "Kuitoa ya chini ya kioo ungevunja plake yenyewe."

Népomuscène akakohoa. "Mzee, ungeanza kwa kuhudhuria mazishi."

Daphrose alimuuliza Adija kama anataka polisi. Adija alimwangalia mtu aliyekula jasho lake miaka kumi na tisa ya ndoa, halafu akaangalia vyuma vilivyopangwa ukutani.

"Polisi watamlisha bure. Atengeneze fremu ya chuma, chuma chake. Aifunge juu ya nyumba yangu mbele ya watu. Akikataa, tutakwenda huko polisi."

Umeme ulipopatikana Kanyosha, Karimu alichomelea. Jumatatu alikuwa juu ya bati la Adija, jasho linamtiririka, wateja wamejaa chini. Aliilaza plake kwa mwinamo mdogo kuelekea kaskazini ili mvua iioshe, akakaza bolti zilizopenya mpaka kwenye mbao, kisha akaponda ncha zake kwa nyundo, hata spana yake mwenyewe isizifungue. Adija alisimama chini akimwonyesha bolti alizoruka.

Alipomaliza akateremka, akatoa simu yake mfukoni. "Mama Khaled, imezima. Niwekee kidogo."

Adija aliipokea, akaipima machoni. "Kubwa. Elfu moja, unalipa kwanza."

Karimu akalipa. Adija akachana kitenge, akampa nusu yake, akaita mteja aliyefuata.