Kifungio cha Kidani cha Mama

Watu wakipita kwenye meza yangu pale sokoni Tabora hupenda kunitupia ile methali ya vyote ving'aavyo si dhahabu. Huwajibu kwamba methali hiyo hainihusu, maana dhahabu siuzi. Nauza mapambo ya mtumba, yale yanayokuja ndani ya marobota ya mikoba na mikanda, na siku za harusi napamba maharusi. Ninachojua ni kutofautisha pambo la zamani lililotengenezwa na fundi na nakala ya juzi iliyomwagwa kwenye kalibu.

Kazi hii alinifundisha mama. Alikuwa mkali, hakuniruhusu kutazama upande wa mbele kabla ya upande wa nyuma. Mbele kila kitu hujipamba, alisema, geuza. Nyuma ya pambo zuri la zamani pamesafishwa, viungo vimeunganishwa bila madonge, na kila kito cha kioo kimeshikwa na meno madogo ya shaba yaliyokunjwa moja moja. Nakala huwa na mshono wa kalibu ubavuni, na vito vyake ni plastiki vilivyokaa juu ya gundi. Kioo ukikigusa mdomoni ni cha baridi, plastiki haina habari na wewe. Uzito nao una maneno, ingawa mama alinionya nisiutegemee peke yake, kwa kuwa hata takataka inaweza kuwa nzito.

Yeye mwenyewe alikuwa na kidani kimoja ambacho hakukiuza. Alikikuta kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wa mtumba: mkufu wa shaba uliochovywa dhahabu nene, vito vya kijani mbele, na kifungio cha kisanduku kidogo, ambacho ulimi wake ukiingia husikika ukibana. Tangu hapo kila bibi harusi wa ukoo wetu alikivaa. Mimi nilikivaa nilipoolewa Kaliua. Mama alipofariki, kikabaki kwa mdogo wake, mama yetu mdogo, kijijini Puge.

Mwaka huu ikafika zamu ya binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mimi. Hakutaka gauni la bei wala keki ya ghorofa. Alitaka kidani cha bibi yake tu, kwa sababu wazazi wake wote wawili hawapo, na alisema angalau shingoni awe na mtu. Maneno hayo yaliniuma, nikapanda basi la asubuhi kwenda Puge kukichukua.

Mama mdogo alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniletea viazi na maziwa ya mgando, kisha akatoa kidani kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Nikakishika kwanza kwenye kifungio. Ulimi ukaingia, ukabana kama ninavyoujua. Nikafurahi. Halafu nikakiweka kiganjani, na furaha ikaniishia.

Kilikuwa chepesi. Nikakipeleka dirishani, nikakigeuza. Vito vilikaa juu ya gundi iliyogeuka manjano, na ubavuni mwa kila kishikizo cha kito ulipita mshono wa kalibu. Kidani cha mama kilikuwa kimeanza kuchakaa taratibu pale panapogusa shingo, na chini ya dhahabu ilionekana shaba ya njano. Hiki kilikuwa kinabanduka magamba, na chini yake ni kijivu. Kifungio peke yake ndicho kilikuwa cha zamani. Pete iliyokiunganisha na mkufu ilikuwa imefunguliwa na kubanwa tena kwa koleo.

Mimi hasira zangu zipo karibu. Nilichoona ni kwamba mtu ameuza kidani na kubakiza kifungio ili anidanganye mimi, na mtu huyo amenikaribisha viazi.

"Mama," nikasema, "kidani kiko wapi?"

"Si hicho hapo mkononi."

"Hiki ni cha juzi. Kifungio ndicho cha mama. Nani alikitoa?"

Hakukasirika. Alikunja kile kitambaa.

"Alikitoa mama yako mwenyewe," akasema. "Kidani amekwenda nacho dada yako."

Dada yangu mkubwa alifariki kwa homa wakati ndoa yake imeshatangazwa kanisani na gauni limeshashonwa. Nilikuwa Kaliua. Treni ilichelewa, nikafika watu wametoka makaburini. Sikumwona ndani ya jeneza, na tangu siku hiyo sikuweza kumuuliza mtu alionekanaje.

"Walimvalisha gauni lake la harusi," mama mdogo akaendelea. "Mama yako akasema hawezi kumpeleka bila kidani, wenzake wote wamekivaa. Ila kabla ya kumvalisha akachukua koleo lake, akang'oa kifungio. Baadaye akanunua hicho cha bei rahisi kinachofanana, akakitia kile kifungio. Alisema watakaoolewa baada yake nao wasikose kabisa."

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe? Aliuogopa mkono wako. Hukumbuki kila harusi alikuwa anamfunga bibi harusi yeye mwenyewe, wewe anakutuma maji?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nadhani ni uzee. Nikalia pale kwenye kiti, na mama mdogo akaniacha nilie, akaenda kuongeza maziwa ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilimwomba radhi kwa nilichokuwa nimekiwaza. Akasema hakukisikia, kwa hiyo hakuna deni.

Niliporudi Tabora sikujua nimwambie nini yule binti. Nilifikiria kunyamaza, maana yeye haoni tofauti ya shaba na bati. Lakini nilimlea mimi, na shingo ni yake. Nikamweleza yote jikoni tukichambua mchele. Alichukua kidani, akakipima kiganjani kama anavyoniona nikifanya sokoni, akakigeuza nyuma.

"Ni kibaya kweli," akasema.

"Kibaya sana. Sokoni nisingekiweka mezani. Ninacho kingine kizuri, cha zamani halisi, vito vya kioo. Nitakupa."

Akafungua kifungio, akakifunga, akakifungua tena.

"Hapana, shangazi. Nitavaa hiki."

Siku ya harusi nikampamba mwenyewe chumbani kwangu. Mama mdogo alikuwa amekuja tangu jana yake, amekaa kitandani na kitenge chake kipya, akisifia kila kitu hata pini. Nilipaka kidani rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa nyuma, ili kile kijivu kisimchafue ngozi na magamba yasiendelee. Kwa kidani kizuri nisingethubutu kufanya hivyo, lakini kwa hiki lilikuwa jambo la huruma.

Binti akainamisha kichwa. Nikazungusha mkufu shingoni, nikashika kisanduku kwa mkono mmoja na ulimi kwa mwingine, ndipo likanijia swali ambalo kule Puge halikunijia.

"Mama," nikauliza bila kugeuka, "kama kifungio kiling'olewa, dada walimfungaje?"

Nyuma yangu kitanda kililia kidogo.

"Kwa uzi," akasema. "Uzi mweupe wa kushonea. Mama yako akaukaza mafundo mengi. Nikamwambia, mbona unafunga hivyo, hautafunguka huo. Akasema hakuna haja. Huyu harusi yake haitaisha hata ikabidi akivue."

Nikaingiza ulimi, ukakosa tundu. Binti akainua mkono wake, akanishika vidole pale kisogoni kwake, akasubiri, mpaka nikaweza kufunga.