Asubuhi za Baba kwenye Karatasi ya Wiki

Dukani walimwita Mama Ratiba, na jina hilo alilipenda. Alifanya kazi kwenye duka dogo la vifaa vya ofisi, mashine ya kutoa kopi upande huu, kompyuta upande ule, na katikati kaunta iliyochubuka rangi kwa viwiko vya watu. Wengine walikuja kuchapa barua za maombi ya kazi au kutoa kopi za vyeti. Lakini wapo waliokuja kwa ajili yake tu, kwa ile karatasi ya wiki aliyoibuni mwenyewe.

Ilikuwa karatasi ya kawaida iliyolazwa upana. Juu kulikuwa na nafasi ya mambo matatu ambayo wiki haiwezi kupita bila kufanywa. Matatu tu, mtu akiomba la nne alimkatalia. Katikati zilisimama safu saba za siku, zimekatwa vipande vya saa tangu asubuhi hadi usiku. Chini kabisa kulikuwa na mazoea: unaandika zoea lako pembeni, kunywa maji, kusoma, kutembea, halafu mbele yake kuna visanduku saba vya kutia tiki, kimoja kwa kila siku. Mistari aliifanya ya kijivu hafifu ili wino wa mtu uonekane kuliko wino wa mashine. Upande wa kushoto aliacha ukingo mpana wa kutoboa matundu ya faili, kwa sababu karatasi za kwanza zilitobolewa Jumatatu yote ikaliwa na matundu.

Na kila mnunuzi alimpa ushauri uleule: "Usijaze vipande vyote. Acha vitupu, tena vingi. Mgonjwa atatokea, mvua itanyesha, mgeni atabisha hodi. Ukijaza kila saa, Jumanne haifiki kabla wiki haijakuvunjikia mkononi."

Ushauri mzuri kabisa. Nyumbani kwake haukufika.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akija na kuondoka, na mama yake alipofariki, mzee alihamia kwake na cherehani yake na begi la nguo. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, lakini macho yalikuwa yamechoka na cherehani ilikaa kwenye kona imefunikwa shuka. Asubuhi alivaa shati lake safi, akavuka barabara, akaenda kukaa na Kisigino.

Kisigino alikuwa fundi viatu mwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa duka la rangi. Hakuna aliyekumbuka nani alimpa jina hilo. Wawili hao walijuana tangu ujana, walipopangisha chumba kimoja cha kazi, huyu akishona suruali, yule akishona soli. Sasa mmoja alishona, mwingine alikaa kwenye kigoda akimwambia anakosea. Walibishana kuhusu mpira, kuhusu uzi, kuhusu nani kati yao alimpenda kwanza yule muuza vitambaa wa zamani ambaye hakumtaka hata mmoja wao. Adhuhuri mzee alirudi nyumbani akiwa mchangamfu, na bintiye akimuuliza, "Leo mmefanya nini, Baba?" alijibu, "Hakuna."

Hilo "hakuna" lilimkera Mama Ratiba bila yeye kujua. Halafu ikaja siku ya kliniki. Sukari ya mzee ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi alisema vidonge viliwe kwa wakati, mzee atembee kila siku, anywe maji, akague miguu asije akapata kidonda bila kuhisi.

"Miguu yangu anaikagua Kisigino," mzee alisema. "Anaijua kuliko mimi."

Muuguzi alicheka. Mama Ratiba hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa amemzika mama yake, na njia nzima ya kurudi kutoka kliniki alimshika baba yake mkono kama mtu anayevusha mtoto barabara.

Jioni ileile alikaa kwenye kompyuta ya dukani akamtengenezea karatasi yake. Aliyakuza maandishi kwa ajili ya macho ya mzee, na visanduku akavifanya vikubwa vya kuingia kidole. Aliichapa, akaitupa ya kwanza, maana mashine iliibana ikapungua. Akarekebisha itoke kwa ukubwa wake kamili, ikatoka safi. Mambo matatu ya wiki: dawa, mazoezi, kliniki. Asubuhi, baada ya chai, kutembea hadi uwanjani na kurudi. Kisha mazoezi ya viungo. Kisha kupumzika miguu imeinuliwa. Kisha kusoma gazeti, akili isilale. Mchana hivi, alasiri vile. Jumamosi jioni aliweka kipande cha kijani, akaandika: Marafiki.

Hakuacha kipande kitupu hata kimoja. Aliogopa.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. "Umenishonea suti," alisema. Akaibandika ukutani, akaifuata. Alikuwa mtu wa vipimo, na alizoea kufuata alichochorewa. Kila jioni aliweka tiki zake taratibu, na bintiye akirudi kazini alitazama ukuta kabla ya kumtazama yeye.

"Safi, Baba! Umekosa maji tu."

"Nitakunywa sasa."

Na kweli alikunywa. Sukari nayo ikashuka. Kwenye kliniki iliyofuata muuguzi aliomba aione hiyo karatasi, akasema wagonjwa wengine wangefaidika nayo. Mama Ratiba alitembea na sifa ile wiki nzima.

Siku moja Kisigino alitokea dukani. Hakuwa mtu wa kufika pale. Alisimama mlangoni akijifuta gundi viganjani.

"Mama, nimekuja kumwazima mzee wako. Nitamrudisha mzima."

"Shikamoo, Baba Kisigino. Karibu ndani."

"Marahaba. Siingii, nitachafua karatasi zenu. Fundi kanitupa? Nikimpungia mkono anapita mbio na viatu vya mazoezi, anasema ana ratiba."

Mama Ratiba alicheka, akachukua nakala ya karatasi kutoka kwenye droo, akamwonyesha. "Hujatupwa. Tazama, upo hapa."

Kisigino aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mimi niko wapi?"

"Hapa kwenye kijani. Jumamosi jioni."

"Lo! Nimepewa chumba cha peke yangu." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akalazimika kuegemea mlango. "Lakini mama, Jumamosi jioni mimi huwa nimefunga. Nipo kwa wajukuu."

"Basi nitaangalia tutakavyofanya," alisema Mama Ratiba, na alikusudia kweli. Mteja alikuwa anasubiri kopi. Ikapita.

Baada ya hapo kibanda kilikuwa kikifungwa siku fulani, kikifunguliwa siku nyingine, kisha kikafungwa moja kwa moja. Kifua, watu walisema. Jumatatu jioni mke wa Kisigino alipiga simu. Mama Ratiba alikuwa jikoni akikata vitunguu, simu ya mzee ikiwa kwenye sauti ya wazi kwa sababu ya masikio yake.

"Anakuulizia, shemeji," alisema mama yule. "Njoo kesho ukae naye kidogo. Asubuhi ndiyo huwa na nguvu ya kuongea."

Mzee aliitazama karatasi ukutani, kisha akamtazama binti yake. Hata leo binti hajui kama mzee alikuwa anaomba ruhusa au alikuwa anafikiri tu.

"Kesho asubuhi una kliniki, Baba," alisema. "Na Jumatano ni mazoezi na yule kijana anayefundisha mazoezi ya viungo, tumeshapanga naye. Mwambie Jumamosi. Nitakupeleka mwenyewe, tukae hata kutwa."

"Jumamosi, shemeji," mzee alisema kwenye simu. "Mwambie Jumamosi nipo naye."

Kisigino alifariki Alhamisi, alfajiri.

Mazishini mzee alisimama wima, shati lake safi, akashika koleo kama wengine. Hakulia. Mke wa marehemu alimwambia, bila kinyongo, "Alikusubiri. Alisema ana jambo la kukucheka." Mzee akatikisa kichwa, akauliza ni jambo gani. Mama yule hakujua.

Waliporudi nyumbani, mlangoni, Mama Ratiba alisema: "Baba, nisamehe. Ningekuacha uende."

"Ulitaka nipone," mzee alisema. "Nami nimepona." Akaingia kuvua viatu.

Hakumlaumu wakati ule wala baadaye, na hilo ndilo lililomtafuna. Mzee angefoka, angalau yeye angekuwa na kitu cha kujibu. Alikumbuka jinsi alivyowahimiza watu wasiomhusu waache nafasi kwa mgeni anayebisha hodi. Lakini yeye mwenyewe alimfungia mtu wake wa damu mlango kwa mstari wa kijivu hafifu, tena kwa mapenzi, tena kwa vipimo sahihi. Na asingeweza hata kusema karatasi ilikuwa mbaya. Sukari ilikuwa imeshuka. Miguu ilikuwa salama.

Jumapili alikwenda dukani peke yake, akafungua faili ya mzee. Alifuta gazeti, akafuta mapumziko yaliyoandikiwa saa. Matembezi aliyasogeza alasiri, jua likipoa. Mazoea aliyaacha matatu, dawa, maji na miguu, maana hayo hayakuwa na mjadala. Asubuhi zote, tangu Jumatatu hadi Jumapili, aliziacha nyeupe. Alipoichapa ilionekana kama kitambaa ambacho hakijakatwa. Ile ya kuuzwa nayo aliibadilisha: tangu siku hiyo kila nakala inayotoka dukani ina vipande ambavyo haviandikwi saa wala mistari. Wateja wanaisifu, wanasema inapumua. Yeye hujibu asante, na kuendelea kupanga karatasi.

Alimpelekea mzee karatasi yake mpya. Aliipokea kwa mikono miwili kama ile ya kwanza, akaibandika palepale.

Jumatatu asubuhi alimkuta amekaa mezani, amevaa, chai imeisha, mikono juu ya magoti. Anautazama ukuta.

"Asubuhi umeniachia nyeupe," alisema.

"Ndiyo, Baba. Ni yako. Fanya unalotaka."

Nje lori lilikuwa likishusha makopo kwenye duka la rangi, na kelele za bati ziliingia dirishani.

"Nifanye nini nayo?"

Hakuuliza kwa kuumiza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mama Ratiba, aliyewapangia watu wengi wiki zao, aliweka mkoba wake sakafuni, akavuta kiti.

"Sijui, Baba."

Wakakaa. Alichelewa kazini siku hiyo, na siku nyingine kadhaa baada ya hapo. Wakati mwingine walivuka barabara pamoja hadi kwenye kibanda kilichofungwa, mzee akasimama kidogo mbele ya kufuli, akasema soli fulani ilishonwa vibaya mwaka fulani, na binti hakuwa na ujuzi wa kumbishia. Alijaribu mara moja, kuhusu uzi. Mzee alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Ndiyo, mwanangu, huenda ni hivyo," kisha wakarudi nyumbani.