Njia Niliyoifuta Juru

Niliacha shule mapema na kuzunguka sana kabla ya kupata kazi ya kupima viwanja Juru, kwenye makazi ya wakimbizi. Nilitembea mipakani na GPS, na kwa kuwa nilikuwa nauliza sana maswali kuhusu ramani, wakanipeleka ofisini Mbarara.

Huko nilijifunza kanuni mbili: kiwanja kisipande juu ya kingine, na kati ya majirani pasibaki pengo. Programu hupitia ramani nzima na kuorodhesha kila mahali kanuni zilipovunjwa. Viwanja vilivyopandana nilivisahihisha kimoja kimoja, nikiangalia michoro ya mkono tuliyochora shambani, majirani wakaitia dole gumba. Mapengo yalikuwa mengi, mengi yao membamba kama uzi. Nikachoka. Nikaamuru yote yaunganishwe kwa mpigo, kila pengo liende kwa jirani anayegusana nalo kwa urefu zaidi. Makosa yakawa sifuri.

“Sifuri!” msimamizi akacheka. “Huyu ataninyang'anya kiti.”

Karatasi za mipaka zikachapishwa, zikagawiwa wenye viwanja. Niliporudi Juru, mjane mmoja kutoka Burundi alinikamata mkono, hakuniachia. Shamba lake liko nyuma ya la jirani, na nyuma yake ni kinamasi tupu. Kijia chake cha kutokea kilikuwa kimelimwa na jirani huyo, maharage yameshatoa maua.

“Ndugu yangu, nitapita fasi gani? Niruke kama ndege?”

Jirani akanipungia karatasi yake. “Soma mwenyewe. Si ni weye ulipima?”

Nilisoma. Kijia kilikuwa ndani ya mpaka wake. Kilikuwa mojawapo ya yale mapengo niliyoyaunganisha kwa mpigo.

Nikapanda gari mjini Rwekubo, nikarudi Mbarara. Msimamizi hakucheka tena. “Ramani imekwisha kwenda kwa watu. Bila ushahidi siigusi.”

Nilipekua mafaili siku mbili, nikila mkate mkavu juu ya vumbi. Mjane alinipigia simu mara tatu. Ya tatu sikuipokea, nikaendelea kupekua. Kisha mchoro ukatokea: mistari miwili ya penseli, katikati neno “njia” kwa mwandiko wangu, chini alama ya dole gumba la mjane na la jirani.

Nilikata ule ukanda kutoka kiwanja cha jirani, nikaufanya umbo linalojitegemea, aina yake njia. Pembe zake nikazibandika juu ya pembe za viwanja vya pande zote mbili, mpaka uwe mmoja. Nikakagua upya. Hakuna kupandana, hakuna pengo. Msimamizi akatia sahihi.

Nikarudi Juru na mchoro. Jirani aliitazama alama ya kidole chake, akatazama maharage.

“Kidole ni changu. Lakini ngoja nivune kwanza.”

“Na mimi nikae kifungoni mpaka uvune, baba?” mjane akauliza.

Maharage yale ni mimi niliyemruhusu jirani kuyapanda, kwa ramani yangu. Mjane akajitwisha ndoo, akaingia katikati ya mistari ya maharage, pale palipokuwa kijia chake. Nikamfuata, nikikanyaga pale pale alipokanyaga, mashina yakivunjika chini ya viatu vyangu.