Hata Kucha Zake Zimeiva

Mke wa kitindamimba wangu watu wanamwita Mama Juisi. Ana kibanda mkabala na lango la chuo cha wauguzi, mashine mbili za kusagia na friji moja inayokoroma kuliko marehemu mume wangu. Sokoni haendi. Eti akifunga nusu siku, wateja watamhama. Basi wauza matunda wanampigia picha kwa simu, anatazama, anachagua, mzigo unaletwa kwa pikipiki.

Mimi nimeuza matunda miaka thelathini na minane. Papai nalinusa, nalibonyeza karibu na kikonyo, ndiyo nazungumza bei. Kununua tunda kwa picha ni kuposa mke kwa kusikia sauti yake tu. Lakini sikuulizwa, na mimi nisipoulizwa ndipo ninaposema.

Chuo kikampa kazi: mahafali ya Jumamosi, juisi ya papai, watu mia tatu. Mkuu wa chuo akamwambia waziwazi, juisi ikiwa nzuri, kantini ya chuo ni yake. Ikiwa mbovu, asahau. Mkwe wangu alikuwa akiitamani kantini ile tangu siku ya kwanza ya kibanda.

Jumatano asubuhi zikaja picha mbili, za wauzaji wawili. Ya Kipara ilijaa mapapai ya dhahabu, yanameremeta, doa hakuna. Ya Mama Pacha ilikuwa na mapapai ya kijani yenye michirizi ya njano, mengine yana makovu kama magoti ya watoto watundu.

"Chukua ya Kipara," nikasema. "Hapo hata kipofu haulizi."

Mkwe akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa, akayaacha mapapai, akaenda pembeni kwenye mkono wa Kipara ulioshika kreti.

"Mama, tazama kucha zake."

"Kwani tunanunua kucha?"

"Ni za njano. Na gazeti lile la chini, njano. Au hata kucha zake zimeiva, Mama? Huyu yuko chini ya turubai la njano, jua likipenya linapaka kila kitu rangi. Na kung'aa huku ni maji. Tunda likiloweshwa, lilipopondeka hapaonekani."

"Na hayo yenye makovu ndiyo ya kuwapa wageni?"

"Kovu hili ni kavu, liko juu ya ganda tu, limekwaruzwa mtini. Lililopondeka lingebonyea, liwe jeusi kama limelowa. Na hii michirizi ya njano, mpaka Jumamosi itakuwa imeenea papai zima."

Akamwambia Kipara atoe papai moja juani, alifute, aliweke juu ya karatasi nyeupe, apige picha mbele na nyuma. Kipara akajibu simu yake inaisha chaji. Mkwe akaagiza kwa Mama Pacha, akaenda zake kuosha bilauri.

Simu akaiacha mezani. Kipara namjua tangu ana nywele, hawezi kunidanganya mimi. Nikampigia, nikamwambia alete kreti sita. Kisha nikampigia Mama Pacha: "Mzigo wetu usilete." Kazi imekwisha, nikakaa kungoja kushukuriwa.

Adhuhuri pikipiki ikashusha kreti za Kipara kwenye mwanga mweupe. Mapapai yalikuwa ya kijani kama majani, magumu ungeweza kupigia msumari. Nikaligeuza moja. Upande wa chini uliolalia kreti ulikuwa umebonyea, mweusi, mbichi na umeshapondeka. Likichumwa changa hivyo haliivi, linaoza tu.

Mkwe wangu hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mama, umemwambia Mama Pacha asilete?"

"Nilimwambia asubiri kidogo."

Akampigia Mama Pacha. Huyo akacheka hadi nikamsikia nilipo. "Dada, mzigo wako upo kwenye kivuli, nimeufunika. Sauti ya bi mkubwa naijua, nimeuza naye meza moja miaka mitano. Ndiye aliyenifundisha: mzigo humwachii mtu mwingine mpaka mnunuzi mwenyewe atamke."

Ni kweli nilimfundisha.

Jumamosi mapapai ya Mama Pacha yalikuwa ya njano hadi kwenye makovu, laini, matamu. Mitungi ilirudi mitupu, na mkuu wa chuo akanywa glasi tatu kabla hajampa mkwe wangu ufunguo wa kantini. Kipara alikataa kurudishiwa kreti zake. "Bi mkubwa, si uliona picha?"

Siku hizi picha zikija, mkwe ananisogezea simu. "Mama, hebu tazama." Naanza na kucha. Majirani wanashangaa jicho la mkwe wangu, wanauliza kalipata wapi. Nawaambia, kwani anaishi na nani?